Vizibo 40 vya kumfundishia mtoto kusoma Kiswahili

Kiswahili kimetupa urahisi ambao lugha nyingi hazina. Irabu ni tano tu, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Mtoto akishaijua "ka", ni ileile kwenye kaka, kalamu na mkeka. Kwa sababu hiyo kichezeo cha kusomea Kiswahili hakina haja ya kuanza na herufi mojamoja. Kianze na silabi. Mtoto anayefundishwa kwamba herufi ya kwanza ni "bii" na ya pili ni "a", kisha akaambiwa aunganishe, atakuambia "bia", na kwa masikio yake hajakosea. Ukimpa "ba" nzima, hana cha kuunganisha.

Mwongozo huu ni wa kichezeo kimoja tu: vizibo vya plastiki vya chupa za maji au soda, kila kimoja kikiwa na silabi yake. Unamfaa mtoto wa miaka mitano hadi saba hivi, na hata mkubwa zaidi aliyefika darasani akibahatisha maneno badala ya kuyasoma.

Kuandaa vizibo

Kusanya vizibo kama 45 vya plastiki. Vile vya bati vya chupa za kioo viache, kwa sababu meno yake hukwaruza vidole na huota kutu vikiloa. Vioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, suuza, kisha vianike vikiwa vimetazama juu mpaka ndani pakauke kabisa. Sukari ya soda iliyobaki ndani ndiyo hufanya wino ubanduke baada ya siku chache, na watu wakailaumu kalamu.

Andika ndani ya kizibo, si mgongoni. Mgongoni vidole vya mtoto vitasugua maandishi kila siku, ila ndani yanakingwa na ukingo. Isitoshe, kizibo kilichofunikwa huficha kabisa kilichoandikwa, jambo tutakalolihitaji kwenye mchezo wa jozi. Tumia maka peni, ile yenye wino usiofutika kwa maji. Kama plastiki inateleza, pitisha msasa kidogo au kipande cha tofali mpaka paparuzike, ndipo wino utashika. Usiandike kwenye karatasi ukaibandika kwa gundi ya unga, kwani gundi hiyo haishiki plastiki. Usipopata vizibo, kata boksi gumu vipande vya mraba vya sentimita nne, ukubali tu kwamba kingo zitachakaa na utalazimika kutengeneza vingine.

Andika kwa herufi ndogo zilizoachana, si herufi kubwa wala mwandiko wa kuunganisha, kwa kuwa herufi ndogo ndizo atakazokutana nazo kitabuni. Kisha piga mstari mfupi chini ya kila silabi. Mstari huu usiuache hata ukiwa na haraka. Kizibo ni duara, hakina juu wala chini, na "u" ikigeuzwa inakuwa kama "n", "m" inafanana na "w", na "b" ikipinduliwa inakuwa "q". Mtoto mdogo hana namna ya kujua kilivyopaswa kukaa. Mwambie mara moja tu: "Mstari unalala chini."

Vizibo hivi vinaingia mdomoni mwa mtoto wa chini ya miaka mitatu na vinaweza kumkaba, kwa hiyo hesabu vyote kabla na baada ya kucheza, kisha viweke kwenye mkebe wenye mfuniko.

Silabi za kuanzia

Usiandike silabi zote za lugha. Konsonanti tano zinatosha kuanzia: m, k, t, b na l. Nimezichagua kwa sababu zinatoa maneno mengi ambayo mtoto tayari anayasema, na kwa sababu sauti zake hazichanganyiki kirahisi masikioni.

ma me mi mo mu
ka ke ki ko ku
ta te ti to tu
ba be bi bo bu
la le li lo lu
a e i o u
m

Hapo pana vizibo 31. Ongeza nakala ya pili ya ma, ka, ta, ba, la, ku, bi, ti na to, jumla iwe 40. Nakala hizo ndizo zinazowezesha mama, kaka, baba, lala, kuku, bibi, tikiti na mtoto. Vizibo vinavyobaki viache vitupu. Punde mtoto ataomba "mimi" na kukuta ina "mi" moja tu, au atataka jina lake lenye silabi ambayo haimo. Mwandikie hapohapo akiona. Silabi anayoidai mwenyewe haisahau.

Ile "m" iliyo peke yake haikuja kwa bahati mbaya. Ndiyo itakayoandika mtu, mti, mkia, mlima na mbu. Nitairudia baadaye, maana ndipo watoto wengi wanapojikwaa.

Neno moja kwa wakubwa: ukichanganya silabi hizi, siku moja litatokea tusi, na mnalijua ni lipi. Mtoto anayelisoma kwa sauti amesoma sawasawa. Ukishtuka au ukicheka, atalijenga tena kila siku. Badilisha kizibo kimoja, mwendelee.

Kwanza masikio

Kabla ya kumwonyesha kizibo chochote, hakikisha anasikia silabi. Sema "kalamu" kwa kawaida, kisha uipige makofi: ka, la, mu. Naye apige "kitabu", "bata", "kabati". Kisha geuza mchezo. Sema silabi ukiziachanisha, "ki... a... tu", naye akuambie umetaja nini. Zoezi hili la pili ni gumu kuliko la kwanza, na ndilo lenye uzito, kwa sababu kusoma ni hilohilo: kukusanya vipande vikawa neno.

Akiweza maneno manne kati ya matano bila wewe kumsaidia, fungua mkebe. Asipoweza, endelea na makofi njiani, wakati wa kuoga, popote, kwa siku kadhaa. Ukimpa vizibo mapema atajifunza michoro, na michoro hiyo haitamfikisha kwenye neno.

Fanya pia jaribio dogo la usikivu. Ziba mdomo wako kwa karatasi asikuone midomo, useme "ba", "ka", "ta" moja moja, naye arudie. Akikosea mara nyingi ilhali akikutazama mdomo hakosei, tatizo linaweza kuwa sikio. Mpeleke akapimwe kabla hujamwita mzito wa kuelewa.

Mchezo wa "Lete"

Toa vizibo vitano tu: ma, ka, ta, ba, la. Irabu ni ileile kote, kwa hiyo jicho lake lina kitu kimoja tu cha kutofautisha, konsonanti. Mwonyeshe kila kimoja ukikitamka mara moja. Kisha vitawanye sakafuni hatua chache kutoka mlipo, useme: "Lete ta!" Akienda na kurudi nacho, akitamke ndipo akuwekee mkononi. Akileta kisicho, usimwambie "hapana" peke yake. Mwambie "Hiki ni ka. Nilitaka ta," kisha kirudishe sakafuni umtume tena. Halafu mbadilishane, yeye aagize na wewe ulete. Mara mojamoja lete kisicho makusudi. Mtoto anayekukamata anasoma.

Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha, na ni afadhali muache angali anataka. Siku inayofuata anza na vilevile vitano. Akivijua bila kusita, ongeza safu nyingine, tuseme mi, ki, ti, bi, li. Sasa mchanganye "ma" na "mi", "ka" na "ki". Hapo ndipo anapogundua mwenyewe kwamba "m" inabaki na mkia unabadilika. Hukumfundisha herufi, ila amezipata.

Kuna mtego hapa. Watoto wengi huimba "ba be bi bo bu" kwa ufasaha wa ajabu, na mzazi akadhani kazi imekwisha, kumbe ni wimbo tu. Ukitaka kujua, vipange ovyo, weka kidole kwenye cha tatu na uulize. Akianza kunong'ona kutoka mwanzo wa safu hadi afike hapo, hasomi, anahesabu beti. Kwa sababu hiyo baada ya siku ya kwanza usivipange tena kwa utaratibu wa a, e, i, o, u.

Mtego wa pili ni rangi. Kama "ka" imo kwenye kizibo chekundu peke yake, mtoto atakariri wekundu. Changanya rangi ovyo, na silabi yoyote isiwe na rangi yake peke yake.

Kujenga neno, na ile "m"

Akishazijua silabi kama kumi na tano, anza kujenga. Tumia kitu halisi au picha, na kila mara fuata hatua tatu: sema neno, piga makofi, kisha weka kizibo kitupu kimoja kwa kila kofi. Ndipo kila kitupu kibadilishwe na chenye silabi yake. Anza na maneno ya silabi mbili kama bata, kiti, meli na moto, halafu yale yenye irabu iliyosimama peke yake: ta-a, u-a, ta-i, ma-u-a, ki-a-tu. Haya ya pili huwashangaza kidogo, kwa sababu "taa" masikioni mwao ni "ta" iliyovutwa. Kofi la pili ndilo linalowaonyesha kwamba pana kizibo kingine.

Tuchukue mkate. Mtoto anasema "mkate" na kupiga makofi mawili: mka, te. Anaweka vitupu viwili, halafu anatafuta "mka" kwenye mkebe na haioni. Usimpe jibu. Mwambie afunge midomo aweke kidole juu yake, aseme neno polepole: mmm... ka... te. Atahisi midomo ikikaa imefungwa kwa muda kabla ya "ka". Huo muda una kofi lake. Sasa ana vitupu vitatu.

Kosa linalofuata nalo ni la kawaida: anachukua "mu". Mara nyingi mkubwa ndiye aliyemfundisha hivyo, kwa kuwa tukilitamka neno polepole kupita kiasi tunajikuta tunasema "mu-ka-te". Mwache aweke "mu", kisha asome alichojenga: mukate. Muulize kama kuna mtu anayesema hivyo. Atacheka, ataitoa, na hapo ndipo "m" iliyo peke yake inapopata maana. Fuatisha mti, mtu, mkeka, mkebe, mkia, mtoto, na mwishoni mbu, ambayo ina makofi mawili ingawa ni fupi hivyo.

Maneno kama mboga na mbali yaache kwa sasa. Humo "mb" inakwenda pamoja ndani ya kofi moja, mbo-ga, na ukiyaingiza wiki hiyohiyo na mkate utamvuruga.

Badilisha kimoja

Kama ningeambiwa nibaki na mchezo mmoja tu, ningebaki na huu. Jenga neno, kisha mtoto abadilishe kizibo kimoja tu ili lipatikane neno jingine. Mfano wa mlolongo mzima, wote ukitoka kwenye mkebe wetu:

tabu, babu, bata, kata, kati, bati, boti, koti, kobe

Kutoka "tabu" kwenda "babu" kimebadilika cha kwanza. "Babu" kwenda "bata", kimebadilika cha mwisho. Mtoto hawezi kubahatisha kwa kutazama umbo la neno, kwa kuwa karibu kila kitu kinabaki palepale. Analazimika kuangalia ni kipi kimehama. Mara ya kwanza wewe ndiye unayebadilisha na yeye anasoma. Akizoea, wewe taja neno, yeye atafute cha kubadilisha. Hatua ya tatu ni kumwachia atafute mwenyewe njia ya kwenda mbele, na hapo utasikia maneno ambayo hukuyafikiria.

Kuna namna ya kuongeza pia, bila kuondoa kitu. Weka "lima", ongeza "m" mbele, ikawa "mlima", toa "m" uweke "ki", ikawa "kilima". Weka "bati", ongeza "ka", ukapata "kabati". "Ua" ikipata "ma" inakuwa "maua". "Kata" ikiongezewa "a" mwishoni inakuwa "kataa", na hapo mtoto anajionea jinsi irabu moja tu inavyogeuza maana nzima.

Jozi

Mchezo huu ni wa watu wawili au zaidi, na kazi yake ni kuongeza kasi. Chukua jozi tano mwanzoni, vizibo kumi, baadaye jozi zote tisa. Vifunike, vichanganye, vipange safu. Kila mchezaji hufunua viwili, na vikifanana huvichukua. Sharti ni moja: kila kinachofunuliwa kisomwe kwa sauti kabla ya kuguswa tena, na asiyesoma hachukui hata kama vinafanana. Bila sharti hilo mtoto mwenye kumbukumbu nzuri ya mahali atashinda kila siku bila kusoma chochote.

Hapa rangi zinakuwa tatizo kweli, kwa sababu migongo inaonekana. Vizibo 18 vya rangi moja ndivyo bora.

Jina la zimwi

Hiki ni kipimo zaidi kuliko mchezo, ingawa mtoto hatajua. Chora zimwi lolote, kisha mlipe jina lisilokuwapo: Bolami, Tekubi, Lumeto. Mtoto alisome. Anayesoma "mama" na "baba" haraka lakini akakwama kwenye "Bolami" ameyakariri maneno kama picha, hajaanza kusoma. Mrudishe kwenye "Badilisha kimoja", si kwenye "Lete", kwa sababu silabi anazijua, ila hazisomi zikifuatana.

Angalia pia anakwama vipi. Akisoma "bo... la... mi" vizuri kisha akasema "limabo", vipande vinamponyoka kabla hajavikusanya. Mfundishe asisubiri mpaka mwisho: asome "bo", kisha "bola", kisha "bolami", akiongeza kimoja kimoja huku vingine umevifunika kwa kiganja. Akisoma cha mwisho kwanza, basi hajashika kwamba tunaanzia kushoto. Weka kijiwe upande wa kushoto pa kuanzia kila mara, mpaka asikihitaji.

Kutoka sakafuni kwenda karatasini

Vizibo visikae sana. Mara anapojenga maneno kama ishirini bila msaada, anza kumwandikia sentensi kwenye karatasi kwa silabi zilezile: Kuku ala mtama. Babu akata mkate. Mama alima. Hizi zinasomeka zote kwa anachokijua.

Kwa siku za mwanzo acha mwanya mdogo kati ya silabi na mkubwa kati ya maneno, "ku ku   a la   m ta ma", halafu chini yake andika sentensi ileile kwa kawaida. Asome ya juu, kisha ya chini. Baada ya siku chache mwandikie ya chini peke yake. Usipofanya hatua hii utashangaa kuona mtoto aliye hodari wa vizibo akiliona neno "mkate" kitabuni kama kitu kigeni, kwa kuwa kwenye vizibo mipaka ya silabi ilikuwa wazi na karatasini imefutika.

Akijenga sentensi kwa vizibo, aache upana wa kidole kati ya neno na neno. Watoto huyabana yote, na wakiandika baadaye wanaandika hivyohivyo.

Mkebe wa pili

Awamu ya pili ongeza n, s, w na y, pamoja na "n" iliyo peke yake kwa ajili ya nne na nta. "Wa" inafungua watu na watoto, "na" na "ya" zinafungua sentensi ndefu. Baadaye yaje p, d, f, g, h, j, r, v, z. "B" na "d" zisikutane mezani mpaka kila moja iwe imezoeleka peke yake.

Konsonanti zinazoandikwa kwa herufi mbili, ch, sh, ny, zifuate. Andika "cha" nzima kwenye kizibo kimoja, kwa kalamu nyembamba, usimwambie habari za "c" na "h". Hapo pia mahali pa mba, nda, nja, mbo na wenzao. Th, dh na gh zinaweza kusubiri, maneno yake si mengi kwa mtoto wa umri huu.

Za mwisho kabisa ni "ng" na "ng'". Zifundishe kwa siku tofauti, kwanza "nga" ya ngazi na ngoma, kisha "ng'o" ya ng'ombe, na alama ile ya juu iandike kwa rangi nyingine kwa wiki ya kwanza. Mtoto akisoma "ngombe" kwa "g" inayosikika, mwambie aseme tena huku akitazama alama; mara nyingi anaijua sauti vizuri, ila jicho limeiruka.